Boila halitoi moshi lakini linakula dizeli: hewa ya ziada ni nini na namba ya oksijeni inatuambia nini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakishatangaza bei kikomo za mafuta, simu yangu inaanza kuita. Mara hoteli yenye dobi kubwa, mara msindikaji wa maziwa, mara kiwanda cha vyakula, na malalamiko yanafanana: boila letu linakula dizeli kupita kiasi, tumemwita fundi kaangalia chimni kasema moshi hauonekani kwa hiyo liko sawa, sasa mafuta yanakwenda wapi? Hilo swali ni la haki kabisa, na jibu lake liko kwenye kitu ambacho jicho haliwezi kukiona hata ukae pale nje unaangalia chimni siku nzima.

Tuanze na maneno matatu ili twende pamoja. Bana ni ile mashine iliyofungwa mbele ya boila, yenye feni ya kuleta hewa, pampu ya mafuta, na nozo inayonyunyiza dizeli iwe kama ukungu ili iwake. Dampa ni kile kibamba kinachofunguka na kufunga kwenye njia ya hewa, ndicho kinachoamua feni ipitishe hewa kiasi gani. Na hewa ya ziada ni hewa yoyote inayoingia kwenye moto zaidi ya ile ambayo mafuta yanaihitaji ili yaungue yote. Mafuta yakiungua yote na hewa ikabaki, ile oksijeni ambayo haikutumika inatoka kupitia chimni pamoja na gesi za moto, ambazo mafundi tunaziita moshi hata zisipoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo tunayoipima. Basi. Oksijeni kwenye moshi ni kama chenji inayorudi dukani, ukiihesabu unajua ulitoa hela nyingi kiasi gani zaidi ya bei.

Waliokulia kwenye taa ya chemli wanaijua hii habari bila kufundishwa. Ukipandisha utambi sana, kioo kinakuwa cheusi, kwa sababu mafuta yanayopanda ni mengi kuliko hewa inayoingia kwenye vile vitundu vya chini, kwa hiyo sehemu ya mafuta inabaki masizi. Ukishusha utambi mwali unakuwa mzuri na kioo kinabaki safi. Sasa fikiria taa hiyo hiyo umeiweka dirishani upepo unaipuliza, kioo bado ni kisafi, hakuna masizi hata chembe, lakini joto lote linachukuliwa na upepo na mwali unahangaika. Kioo kisafi kimekwambia hewa haijapungua, hakijakwambia kama imezidi. Chimni ni hivyo hivyo. Moshi mweusi unasema hewa haitoshi au haichanganyiki vizuri na mafuta, lakini chimni safi inaweza kuwa ya boila lililosetiwa vizuri na inaweza kuwa ya boila linalopasha moto anga la Arusha bure, na kwa macho hutazitofautisha.

Kwa nini hewa ikizidi inaleta hasara? Chukua lita moja ya dizeli. Ili iungue yote inahitaji kama kilo 12 za hewa, na kwa hewa ya Arusha mjini hizo ni takriban mita za ujazo 12, yaani hewa yote ya chumba kidogo cha kulala, kwa lita moja tu. Hewa hiyo inaingia kwenye bana ikiwa na digrii 24 na inatoka kwenye chimni ikiwa na digrii 230 au 250, na aliyeipasha moto ni dizeli yako. Kilo 12 za kwanza zina kazi, hazikwepeki. Lakini ukiingiza kilo 20 badala ya 12, zile 8 ni abiria waliopanda daladala bila nauli, wanaingia kwenye feni, wanapita kwenye tanuru wanapata joto, wanashukia chimni, na mafuta ya safari yote umelipa wewe. Tena hawaishii hapo, kwa sababu gesi ikiwa nyingi inapita kwenye tyubu kwa kasi zaidi na haipati muda wa kutosha kuyaachia maji joto lake, ndiyo maana ukipunguza hewa iliyozidi mara nyingi unaona na digrii za chimni zinashuka.

Ile mashine ya kupima inaitwa analaiza, ina mrija wa chuma unaouingiza kwenye tundu la chimni, inavuta moshi kidogo na kukuonyesha O2, CO na joto. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kama moshi ungeonyesha 0 maana yake oksijeni yote imetumika, ikionyesha 20.9 maana yake unapima hewa tupu. Kwenye moshi mkavu unapata hewa ya ziada hivi:

```
hewa ya ziada (%) = O2 / (20.9 - O2) x 100
```

Kwa hiyo O2 ya 3 ni hewa ya ziada asilimia 17 hivi, O2 ya 5 ni kama 31, na O2 ya 8.4 ni 67. Ona jinsi inavyokimbia, watu wanaona 8 wanadhani ni ndogo tu maana iko chini ya 10, kumbe ni zaidi ya nusu nyingine ya hewa iliyohitajika.

Sasa kwa nini isiwe sifuri tu, tumalize ziada yote? Kwa sababu moto wa bana siyo kikombe unachokoroga kijiko mpaka sukari iyeyuke. Dizeli inanyunyizwa, hewa inazungushwa, vyote vinakutana kwa muda mfupi mno, na siku zote kuna tone lingine linapita upande ambao hewa ni chache. Ukimpa hewa kamili bila ziada, hilo tone halipati oksijeni, linaungua nusu, unapata kaboni monoksaidi (ndiyo CO kwenye skrini) na masizi. CO ni mafuta ambayo hayajamaliza kuungua na pia ni sumu inayoua mtu bila harufu, na masizi yanaganda kwenye tyubu kama blanketi na kuzuia joto lisifike kwenye maji. Kwa hiyo tunaacha ziada kidogo. Kwa bana ya dizeli iliyo nzima, kwenye moto mkubwa, O2 ya 3 mpaka 4 ni mahali pazuri pa kukaa. Za gesi zinaweza kushuka kidogo zaidi. Ukiona mtu anakimbiza 1 kwa bana ya kawaida isiyo na kompyuta ya kuisimamia muda wote, huyo anacheza pembeni ya korongo.

Hapa kuna jambo la kwetu huku ambalo vitabu vya bana vinaligusa kidogo tu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, mji wa Moshi uko mita 800 na kitu. Wapagazi wa Kilimanjaro wanajua kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na wengi wanadhani asilimia ya oksijeni imepungua. Haijapungua, hata kule kileleni mita 5,895 ni ile ile 20.9, kilichopungua ni hewa yenyewe kwa kila mita ya ujazo. Feni ya bana haihesabu kilo, inasukuma ujazo ule ule popote ulipo. Ule mzigo wa hewa wa lita moja ya dizeli ambao Arusha ni mita za ujazo 12, Dar pale kwenye joto la digrii 30 ni kama 10.4 tu. Kwa hiyo bana iliyosetiwa vizuri Dar kwa O2 ya 3, ukiipandisha Arusha bila kugusa kitu, dampa pale pale, nozo ile ile, inapata hewa pungufu kama asilimia 13 au 14, na ile ziada ya 17 inaliwa karibu yote, unabaki na moja au mbili. Itatoa moshi mweusi siku ya kwanza, na haijaharibika.

Na hicho ndicho kilichotokea kwenye kiwanda kimoja cha vyakula upande wa Njiro nilichoitwa mwaka juzi. Boila la mvuke la kama tani moja kwa saa, bana ya dizeli ya hatua mbili yaani moto mdogo na moto mkubwa, matumizi karibu lita 20,000 kwa mwezi. Nilimkuta opareta mzee mmoja aliyekuwa na hilo boila tangu lifungwe, nikamwamkia, nikamuuliza dampa liliguswa lini mara ya mwisho. Akanieleza vizuri kabisa bila kuficha: lilikuja kutoka Dar likiwa limeshasetiwa, likawashwa likatoa moshi mweusi mpaka majirani wakaja getini, fundi akafungua dampa mpaka moshi ukaisha, "halafu tukaongeza kidogo tena, kijana, ili tusipate aibu mara ya pili." Baada ya hapo kila mwaka moshi ukianza kuchungulia wanafungua kidogo tena. Yaani alama za kalamu kwenye dampa zilikuwa nne, kila moja ya mwaka wake, na zote zinaenda upande mmoja.

Simlaumu mtu pale. Walikuwa na kipimo kimoja tu, jicho, na jicho linaona upande mmoja tu wa tatizo. Kila walipoona moshi waliongeza hewa, hakuna siku chimni iliwaonyesha kwamba imezidi ili wapunguze, kwa hiyo dampa lilikuwa lazima litembee upande huo huo mpaka mwisho.

Kabla ya kupima kuna mambo ambayo ukiyaruka namba zote ni za uongo. Analaiza unaiwasha nje kwenye hewa safi, siyo ndani ya chumba cha boila, na inatakiwa isome 20.9, na hapa hapa Arusha isome 20.9 hiyo hiyo, yule anayesema huku juu iweke 18 hajaelewa. Isiposoma na ikagoma kurekebishwa, sensa imechoka, maana hizi sensa za kemikali zinaisha nguvu hata ukiwa huitumii sana, na siku hiyo usiguse bana. Halafu boila liwe limeshapata moto na linafanya kazi mfululizo kwenye mzigo, dakika 20 au 30, siyo limewaka sasa hivi. Na tundu la kupimia liwe karibu na pale moshi unapotoka kwenye boila, mrija ufike katikati ya mkondo mahali pa joto zaidi, na uwazi unaobaki kando ya mrija uuzibe, hata kwa kitambaa kinachovumilia joto.

Hilo la mahali pa kupimia watu wanalidharau na linawaumiza. Kwenye boila kama lile la Njiro feni inasukuma, kwa hiyo ndani ya tanuru kuna presha na kukiwa na tundu moshi unatoka nje, unauona. Lakini ukishafika kwenye chimni yenyewe, chimni inavuta, na kila kiungo kilicholegea kinaingiza hewa ya nje. Ukipimia juu kule unasoma O2 ya 7 wakati moto wenyewe una 3, unaamini hewa imezidi, unapunguza, na moto unaanza kukosa pumzi. Hewa ya namna hii haikupita kwenye moto, kwa hiyo dampa halihusiki nayo. Njia rahisi ya kuigundua ni kupima sehemu mbili, karibu na boila na juu zaidi, ukiona O2 imepanda katikati kuna mahali panavuja. Mimi huwa natumia pia kijiti cha udi, unakipitisha taratibu kwenye kiungo cha chimni, moshi wake ukinyonywa kuelekea ndani umeshapaona.

Tulipopima mara ya kwanza kwenye moto mkubwa tulipata O2 8.4, CO chini ya 20 ppm yaani sehemu 20 kwenye kila milioni ya moshi, joto la moshi digrii 252, hewa ya chumbani 24. Nikaanza kupunguza dampa kidogo kidogo, kila hatua unasubiri dakika mbili tatu mpaka namba zitulie. Nilipofika O2 ya 6.3, CO ikawa imeruka mpaka 210. Hapo ndipo watu wawili wanaachana njia. Mmoja anasema basi hili boila linataka 7, arudishe aende nyumbani. Lakini dizeli yenye hewa ya ziada asilimia 40 na zaidi haina sababu ya kukosa oksijeni, kama inatoa CO maana yake hewa ipo ila haikutani na mafuta, na hilo huwezi kulitibu kwa dampa. Tukazima, tukafuata utaratibu wa kufunga mafuta na umeme, tukafungua bana. Nozo ilikuwa imekula muda wake, tundu limechakaa upande mmoja, na ile sahani ya kuzungusha hewa iliyo mbele ya nozo ilikuwa na kaboni ngumu kama lami, robo ya mianya yake imeziba. Nozo iliyochakaa inatoa matone makubwa badala ya ukungu, na tone kubwa linahitaji muda mrefu kuungua, muda ambao halina. Sasa zile alama nne za kalamu zikaeleweka: kila mwaka nozo ilichoka kidogo, moshi ukachungulia, dawa ikawa kufungua hewa wakati mgonjwa alikuwa nozo.

Tukaweka nozo mpya ya saizi na pembe ile ile, tukasafisha sahani, tukaangalia presha ya pampu kwa geji iko pale bana inapotaka, tukawasha tena. Safari hii ikaenda inavyotakiwa. O2 6.8 CO 10, joto 245. O2 5.1 CO 12, joto 239. O2 4.0 CO 18. O2 3.0 CO 35, joto 230. Halafu hatua ndogo tu tena, O2 2.2, na CO ikapaa mpaka 310, na karatasi nyeupe ya kupimia masizi, ile unayovutia moshi kwa pampu ya mkono halafu unalinganisha doa lake na skeli ya 0 mpaka 9, ikatoka na doa la kijivu la wazi. Ukichora hizi namba unaona CO inakwenda tambarare muda mrefu halafu inapinda ghafla kama goti. Goti la hiyo bana lilikuwa kati ya 3 na 2.2. Kila bana ina goti lake, huwezi kulichukua la jirani.

Hatukai juu ya goti. Tulirudisha hewa mpaka 3.8, CO 20, joto 233, doa safi, tukakaza skrubu. Mzee akaniuliza mbona usiache 3 wakati CO ni 35 tu, na ni swali zuri sana. Jibu ni hali ya hewa. Ilikuwa asubuhi ya Julai, nje nyuzi 12, na mnaijua Julai ya Arusha. Januari mchana itakuwa 29, hewa ya moto ni nyepesi, feni ile ile itapeleka hewa pungufu kama asilimia 6 wakati dizeli inakuja vile vile. Ukiwa umeacha 3.8, mchana wa Januari unashuka mpaka karibu 2.8, bado uko upande salama wa goti. Ukiacha 3.0 unashuka mpaka karibu 2, umelipita goti, na simu ya moshi mweusi inakuja na mtu anafungua dampa tena. Kwa hiyo ile 3.8 siyo uvivu, ni akiba ya joto la mchana na ya dizeli isiyofanana kila tenka.

Moto mdogo tulifanya peke yake na tuliuacha kwenye 5.2. Feni ikipeleka hewa kidogo mzunguko wake unakuwa dhaifu, uchanganyaji unashuka, kwa hiyo bana inahitaji ziada kubwa zaidi kupata CO ile ile. Nimeshaona fundi amesetiwa kichwani kwamba 3 ndiyo namba takatifu, akailazimisha na kwenye moto mdogo, boila likawa linatoa masizi kila usiku mzigo ukipungua.

Faida yake ilikuwa kiasi gani? Kwa dizeli, analaiza inakadiria hasara ya chimni kwa fomula hii, na unaweza kuifanya kwa simu:

```
hasara (%) = (T moshi - T hewa) x (0.68 / (21 - O2) + 0.007)
```

Kabla, tofauti ya joto ilikuwa 228 na O2 8.4, hasara inakuja kama asilimia 13.9. Baada, tofauti 209 na O2 3.8, hasara 9.7. Yaani kwenye kila lita 100, moja kwa moja chimni ilikuwa inachukua karibu 14, sasa inachukua chini ya 10. Ukiigeuza kuwa mafuta ni pungufu ya asilimia 4.6 hivi kwa mvuke ule ule, kwenye lita 20,000 za mwezi ni lita 900 na kitu. Tukichukulia lita ni shilingi 2,800 kwa mfano, unaongelea milioni mbili na nusu kwa mwezi kwa nozo moja, brashi, na asubuhi moja ya kazi.

Ila tusidanganyane, hiyo fomula inaongelea joto la kwenye chimni tu. Skrini ikisema ufanisi ni 90 haimaanishi boila zima ni 90, maana haijui joto linalotoka kwenye mwili wa boila, haijui maji ya moto unayomwaga wakati wa blodauni, haijui mabomba ya mvuke yasiyovikwa wala stimu trapu zinazovuja kule jikoni. Na kama joto la moshi linabaki juu wakati O2 ni nzuri, tatizo limehama kutoka kwenye hewa, liko kwenye masizi upande wa moto au magamba ya chokaa upande wa maji, hapo uache dampa lipumzike. Kama kipimo cha haraka, moshi ukishuka digrii 22 hivi unapata asilimia moja ya ufanisi.

Wenye maboila ya kuni, maganda ya kahawa au mabaki ya miwa msichukue namba za dizeli. Mafuta mango hayachanganyiki na hewa kirahisi, vipande havilingani, unyevu unabadilika kila lori, kwa hiyo O2 ya 6 mpaka 10 kwao ni kawaida na kulazimisha 3 ni kuzalisha CO na moshi. Halafu mengi ya hayo yana feni ya kuvuta, tanuru liko kwenye mvuto, kwa hiyo mlango wa kuchochea ukiwa haufungi vizuri unaingiza hewa moja kwa moja. Huko kabla hujagusa dampa lolote unaanza na mlango na gaskiti yake.

Na hili lingine linasumbua sana msimu wa baridi, watu wanaamini ukifunga mlango na madirisha ya chumba cha boila unatunza joto. Turudi Njiro. Tulimwachia mzee daftari, aandike O2, CO na joto la moshi mara moja kwa wiki kwa ile analaiza ndogo waliyonunua, saa ile ile, mzigo ule ule. Wiki ya tatu akanipigia, "kijana, mchana nasoma 3.8 yako, lakini usiku zamu ya pili wamesoma 2.4 na CO 240, na hakuna aliyegusa kitu." Kwa hesabu za hali ya hewa usiku wa baridi O2 ingetakiwa ipande, siyo ishuke, kwa hiyo hilo lilikuwa jambo jingine. Nikamuuliza usiku nini kinabadilika pale ndani. Akakaa kimya kidogo halafu akasema mlinzi anafunga geti la chuma la chumba saa mbili kwa ajili ya baridi, na zile luva za ukutani walishaziba kwa mbao tangu mwezi wa sita. Bana inayochoma lita 60 kwa saa inataka zaidi ya mita za ujazo 800 za hewa kila saa, na ilikuwa inainyonya kupitia uwazi wa chini ya geti. Nikamwambia afungue geti huku analaiza ikiwa ndani, asiongee, asome tu. Nikamsikia kwenye simu anataja: 2.4, 2.7, 3.3, 3.8, kisha 4.1. Kesho yake mbao zikatolewa kwenye luva, na kwenye daftari mzee akaongeza safu mpya pembeni ya O2, inayoandikwa "geti: wazi / limefungwa".